PLA na PETG Katika Jua la Mutanga Nord

Nyumba nyingi za Mutanga Nord zimejengwa juu ya mteremko utazamao magharibi, na mwenye kuketi barazani kwake wakati wa alasiri huona chini yake mji wa Bujumbura, kisha ziwa Tanganyika ambalo maji yake yako mita 773 juu ya usawa wa bahari, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo. Ni mandhari ya kupendeza mno, lakini ina gharama yake. Kwani asubuhi vilima vya mashariki hulichelewesha jua, na alasiri, wakati hewa imekwisha kupata moto wa siku nzima, jua hilo hilo huja uso kwa uso na kuta zetu, na mabati yetu, na bustani zetu, pasina kizuizi chochote mpaka litakapozama nyuma ya Kongo. Fauka ya hayo, mji wetu uko takriban digrii tatu na nusu tu kusini ya ikweta, hata jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 12 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kitu chochote cha plastiki kitakachoachwa nje katika mahali kama hapa hutiwa mtihanini, na ni dhuluma kumwuzia mtu kitu cha kukaa nje bila ya kuujua kwanza mtihani huo.

Katika baraza ya namna hiyo ndipo nilipoiweka printa yangu ya 3D, nilipohama Buyenzi, mtaa niliokulia miongoni mwa mafundi wa magari, ambao ndio walionifundisha kwamba kifaa kilichovunjika husomwa kama barua, kwa maana mahali kilipovunjikia na namna kilivyovunjika hueleza sababu yake. Mashine yangu huuyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka hadi kitu kitimie. Nyuzi zitufikiazo hapa, aghalabu kwa njia ya bandari ya Dar es Salaam, au ndani ya mizigo ya wasafiri, ni za aina mbili zaidi ya zote: PLA, ambayo asili yake ni asidi ya laktiki itokanayo na wanga wa mahindi au sukari ya miwa, na PETG, ambayo ni jamaa ya ile plastiki ya chupa za maji, ila imetiwa kiungo cha glaikoli ili isigandame kuwa fuwele na iwe nyepesi kuchapwa. Zikiwa zimezungushwa juu ya gurudumu huwezi kuzitofautisha kwa macho, na bei zake hazipishani sana. Kwa hiyo mafundi wengi huchagua PLA kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba haiwasumbui katika kuchapa.

Siku moja ya mwisho wa kiangazi alinijia jirani yangu, mama mmoja aoteshaye miche ya lengalenga, nyanya na biringanya kwenye matuta ya uwanja wake, akiwa amechukua kapuni kasha jeusi la kuwekea mbegu, kulabu mbili za kijani zilizokuwa zikibeba mpira wa maji ukutani, na kijiti cha kudungia mashimo ya mbegu. Vyote vilikuwa vimechapwa na fundi wa mtaa mwingine, na vyote vilikuwa bado vipya. "Fundi," akaniambia, "tazama, jua limekula kasha langu." Kifuniko cha kasha kilikuwa kimejikunja pembe zote nne, hata hakikuweza tena kukaa mahali pake, kulabu zilikuwa zimefunguka vinywa, mpira ukaanguka, na kile kijiti kilikuwa kizima, hakina dosari. Mama yule aliamini kwamba miale ya jua ilikuwa imeitafuna plastiki, na alitaka nimchapie vingine vilivyo vinene zaidi kwa plastiki ile ile.

Nilimwomba aketi, nikavitazama vile vitu mbele yake. Plastiki iliyotafunwa na miale huwa na alama zake: uso huparara na kupoteza mng'aro, hutoa unga mweupe ukiupangusa kwa kidole, na hujaa nyufa nyembamba kama unywele upande ule tu uliolitazama jua, ilhali upande wa nyuma hubaki kama ulivyozaliwa. Kasha hili halikuwa na alama hata moja ya hizo. Uso wake ulikuwa unang'aa, hapana ufa, hapana unga. Umbo lake ndilo lililobadilika. Kulabu nazo hazikuvunjika wala kuchanika, bali zilijinyoosha taratibu kuelekea upande wa mzigo, kisha zikakauka katika hali hiyo mpya. Kitu kilichobadili umbo pasipo kuvunjika kimeshindwa na joto. Nikakata kipande kidogo cha kulabu, nikakitumbukiza katika maji ya moto yasiyochemka, na kabla sijamaliza kumweleza ninalofanya kikawa laini kama nta. Ilikuwa PLA.

Hapa ndipo palipo kiini cha jambo hili zima, nami naomba msomaji anivumilie nikieleze kwa utulivu. Plastiki hizi mbili hazina siku ya kuyeyuka ghafula kama barafu. Kila moja ina kiwango cha joto ambacho, ikikifikia, huacha kuwa ngumu na kuanza kuwa kama mpira. Kwa PLA kiwango hicho ni baina ya digrii 55 na 60, na kwa PETG ni karibu na 80. Mtu akiambiwa hayo husema, kwa haki kabisa, kwamba Bujumbura haijapata kuwa na joto la digrii 55, kwani siku zetu za moto kabisa hewa huwa 31 au 32. Lakini hiyo ni hewa ya kivulini, ambayo ndiyo wapimayo watu wa hali ya hewa, na kasha la mbegu halikai kivulini. Kitu kilichopigwa na jua hupokea moto wake moja kwa moja kutoka juani, kisha huutoa kidogo kidogo kwa hewa inayokizunguka, na kama hapana upepo huutoa polepole mno. Basi kitu cheusi hupanda hata digrii 30 juu ya ile hewa.

Ili mama yule asiyachukue maneno yangu kwa imani tu, tuliliweka kasha lake juu ya tuta lake mwenyewe, na kando yake kipande cheupe cha ukubwa ule ule. Saa nane za mchana, hewa ya barazani ikiwa digrii 30, nikavielekezea kipimajoto cha bastola, kile kipimacho pasipo kugusa. Kifuniko cheusi kilionyesha digrii 61, na kile cheupe 43. (Kipimajoto cha namna hii husema kweli kwa plastiki na kwa udongo, ila kisielekezwe kwenye bati linalong'aa, kwani hapo hutoa habari za uongo.) Kwa hiyo kasha lile jeusi lilikuwa likivuka kiwango chake cha kulegea karibu kila mchana, na kila jioni likaganda upya katika umbo baya kidogo kuliko la jana. Pembe ndizo zilizotangulia kujikunja, kwa sababu kitu kilichochapwa hubaki na mvutano ndani ya matabaka yake tangu siku kilipopoa juu ya mashine, na mvutano huo, ukipata ulaini, hujifungua.

Ama kulabu, kisa chake ni kingine kidogo, nacho ndicho wengi hukisahau. Zilikuwa za kijani kilichoiva, zimepigiliwa ukutani ambako upepo hupita, na sidhani kama zilifikia hata digrii 55. Lakini plastiki iliyobebeshwa mzigo usioondoka haingoji kiwango cha kulegea. Hujinyoosha kabla yake, polepole, kwa kadiri mzigo unavyokaa na joto linavyokaribia. Mpira uliojaa maji ulining'inia pale usiku na mchana. Kulabu ile ile ingalikuwa ndani ya stoo, ingaliubeba mpira huo muda mrefu bila ya kulalamika. Kutokana na tajriba hii, na nyingine nyingi za baadaye, nimejiwekea kanuni ya kazi: kitu cha kukaa nje kisiruhusiwe kufikia joto lililo karibu na kiwango chake cha kulegea kwa chini ya digrii 15. Kwa PLA mpaka huo ni kama 45. Kwa PETG ni kama 65. Ukiuangalia mpaka huo pamoja na vile vipimo vya tuta la jirani yangu, utaona kwamba PLA nyeupe inasimama ukingoni kabisa, na siku ya hewa ya 32 isiyo na upepo itauvuka, ilhali PETG, hata ikiwa nyeusi, bado ina nafasi ya kupumua.

Basi kwa nini nisimchapie PETG nyeusi, mambo yakaisha? Kwa sababu miale nayo ina haki yake, ijapokuwa haikuhusika na msiba ule wa kwanza. Miale ya urujuanimno hukata minyororo ya plastiki zote mbili, na kitu kisichouawa na joto katika mwezi mmoja huuawa na miale katika miaka kadhaa. PETG hugeuka manjano, kisha hukauka na kuwa hafifu, na kuta nyembamba ndizo zitanguliazo. Rangi ndiyo ngao. Weusi utokanao na masizi ya kaboni huizuia miale vizuri sana, lakini hukusanya joto. Weupe utokanao na titani huizuia miale na kulirudisha joto pia. Uzi unaopitisha mwanga, ambao wateja huupenda kwa uzuri wake, huzuia kidogo tu, maana miale mingi hupita mpaka ndani kabisa, na ukiufanya chombo cha maji, mwani wa kijani huota ndani yake kabla ya wiki nyingi kupita. Kwa ajili hiyo, kwa vitu vya juani, nachukua PETG nyeupe au ya kijivu chepesi isiyopitisha mwanga, na pale ninapoweza nakipaka kitu rangi ya akriliki nyeupe, ambayo miale itaila kwanza kabla ya kuifikia plastiki.

Tukaanza na kulabu. PETG si ngumu kama PLA. Ukiipinda hukubali zaidi, na ugumu wake ni kama nusu na kitu ya ugumu wa mwenzake. Mchapaji ambaye hubadili uzi na kuacha kubadili umbo atapata kulabu inayochezacheza, kisha atailaumu PETG bure. Lakini ugumu wa ubao dhidi ya kupindwa hukua kwa kuzidisha unene mara tatu kwa nafsi yake, kwa hiyo nyongeza ndogo ya unene hulipa deni kubwa: kulabu iliyokuwa na unene wa milimita 4 nikaifanya 5, na hapo unene peke yake uliiongezea ugumu takriban mara mbili, kiasi cha kufidia upungufu wote wa plastiki na kubaki na ziada. Nikailaza ubavu juu ya sahani ya mashine ili matabaka yafuate mkunjo wa kulabu kutoka mwanzo hadi mwisho, maana kulabu iliyochapwa ikiwa imesimama hupasuka baina ya matabaka kama kuni iliyopasuliwa kwa nyuzi zake. Na sikuijaza sana ndani. Niliizidishia kuta, nne badala ya mbili, kwa kuwa mzigo wa kulabu hubebwa na ngozi yake zaidi ya moyo wake. Mwisho wa yote nikaupanua mkunjo uwe mviringo mkubwa, ili mpira ulalie mahali papana na mzigo usikusanyike katika nukta moja.

Kasha lilitaka fikira zaidi. Kasha lililofungwa na kuachwa juani huwa na tabia ya gari lililofungwa: hewa iliyomo ndani hupata moto na haina pa kukimbilia, na joto lake hukisukuma kifuniko kutoka chini wakati jua linakichoma kutoka juu. PETG ingelistahimili, lakini mbegu zisingestahimili, kwani mbegu zilizowekwa kwenye joto la namna hiyo hupoteza nguvu ya kuota, na kasha zima lenye mbegu zilizokufa halimfai mkulima kitu. Kwa hiyo nilimwambia mama waziwazi kwamba mbegu za akiba zikae ndani ya nyumba, na kasha la bustanini libebe zile tu za kazi ya siku hiyo. Kisha nikalichapa jeupe, nikaliwekea miguu mifupi ili lisilale juu ya udongo wa moto, na matundu madogo chini ya ukingo wa kifuniko, mahali ambapo mvua haiwezi kuingia lakini hewa hupita.

Vifungo vya kifuniko ndivyo vilivyonionyesha uzuri wa PETG kwa dhahiri zaidi. Kifungo cha kubana hupindika kidogo kila kifuniko kinapofunguliwa, na PLA, kwa ukavu wake, huvumilia kupindika huko kwa muda, kisha siku moja hukatika ghafula kwa mlio, na mahali pa kukatika huwa peupe na pakali. PETG huinama na kurudi. Ila kifuniko na kasha lake nikaviachia nafasi ya milimita 0.3 pande zote, maana PETG ikisuguana na PETG hung'ang'ania, na kifuniko kilichobana mno humfanya mtu avute kwa nguvu mpaka kifungo kikatike.

Kile kijiti cha kudungia mashimo nilimrudishia mama yule kama kilivyokuwa, ijapokuwa alinitaka nikichape upya pamoja na vingine. Kilikuwa cha PLA, kigumu, chepesi, kisichopinda udongo ukiwa mzito, na mwenye kukitumia hukishika mkononi kwa nusu saa kisha hurudi nacho barazani. Kinachotumika na kurejeshwa kivulini hakina haja ya PETG. Kwa kazi hiyo ugumu wa PLA ni fadhila. Sharti langu lilikuwa moja tu, nalo ni kwamba kisilazwe juu ya tuta mchana wa kiangazi, kwa sababu udongo mweusi uliokauka hupata moto kuliko hata plastiki.

Watu wengine huichukua PLA kwa sababu nyingine, ambayo ni njema kwa nia lakini haina msingi. Tangu amri ya rais ya Agosti 2018 iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki nchini Burundi, wateja wengi huuliza kama plastiki hii itokanayo na mimea itaoza yenyewe bustanini. Haiozi kwa maana wanayoitaka. PLA huoza katika lundo la mboji la viwandani, ambalo huwekwa katika joto la karibu digrii 58 kwa wiki nyingi pamoja na unyevu. Ikizikwa katika tuta la Mutanga Nord itakaa miaka. Asiichague mtu kwa kutumaini kwamba jua na mvua vitaisafisha, kwa maana jua litaipinda tu na kuiacha pale pale. Wako pia waliosikia kwamba PLA ikiokwa katika tanuri hupata fuwele na kustahimili joto zaidi. Hilo ni kweli, lakini katika kuokwa husinyaa na kujikunja, na kifuniko kilichokuwa kikikaa sawasawa hakikai tena.

PETG nayo inadai adabu yake kwa mchapaji, na wengi huikimbia kwa sababu hii. Pua ya mashine niliipandisha hadi digrii 240, na sahani hadi 80, ilhali PLA hutosheka na 205 na 60. Feni nikaipunguza hadi theluthi, kwani ikipulizwa sana matabaka hayashikani vizuri na kulabu hupoteza nguvu ile ile tuliyoitafuta. Juu ya sahani ya kioo PETG hushika kwa nguvu mno, hata huweza kung'oa kigae cha kioo pamoja nayo. Kwa hiyo nakipaka kioo gundi ya kijiti ya wanafunzi, ili iwe pazia baina ya vitu viwili hivyo, kisha nangoja sahani ipoe kabisa kabla ya kukiondoa kitu.

Lakini adui mkubwa wa PETG hapa kwetu ni unyevu. Tangu Oktoba mpaka Mei mvua hutujia kutoka ziwani na milimani, na uzi ulioachwa wazi barazani hufyonza maji ya hewa bila ya kuonyesha dalili yoyote kwa macho. Dalili hutokea puani mwa mashine: sauti ya kutatarika, povu dogo juu ya uso wa kitu, na nyuzinyuzi zilizotanda kila mahali baina ya kuta. Kitu kilichochapwa kwa uzi wa namna hiyo kina mapovu ndani ya matabaka yake, na hata kikionekana kizima kitakatika chini ya mzigo mdogo. Nakausha PETG katika digrii 65 kwa muda wa saa tano au sita, kisha naihifadhi katika ndoo yenye kifuniko cha kubana pamoja na vijifuko vya silika. PLA usiitie katika joto hilo, kwani uzi wote utashikamana juu ya gurudumu lake. Kwake digrii 45 zinatosha. Kadhalika umeme ukikatika katikati ya kazi, kama ukatikavyo mara kwa mara, sahani hupoa na kitu hujibandua, au, kama mashine itaweza kuendelea, hubaki mstari mmoja wa tabaka lisiloshikana, na mstari huo ndipo kulabu itakapokatikia. Kitu kilichopitiwa na mkato wa umeme mimi sikiuzi kwa kazi ya kubeba.

Ni insafu pia kueleza mahali ambapo PETG nayo hushindwa. Ndani ya gari lililoegeshwa juani, juu ya kile kibao kilicho chini ya kioo cha mbele, joto huvuka digrii 70 na huweza kufika 80, na hapo PETG imefikia mwisho wake. Kishikio cha simu cha PETG, kikiwekwa pale, kitainama kama PLA inavyoinama bustanini. Vivyo hivyo kitu kilichofungwa moja kwa moja juu ya bati la paa. Kwa mahali pa namna hiyo kuna plastiki ya tatu, ASA, ambayo hulegea karibu na digrii 100 na imetengenezwa makusudi ili iistahimili miale. Vituo vya hali ya hewa vya kuchapwa viitwavyo 3D-PAWS, ambavyo taasisi ya UCAR ya Marekani ilianza kuviweka Zambia mwaka 2016 na ambavyo vimefika pia Kenya, huchapwa kwa ASA, na sababu ni dhahiri: kipimo cha mvua kilichojikunja kinywa hudanganya kiasi cha mvua. Lakini ASA hujikunja ikipoa haraka, hutaka mashine iliyofungwa ndani ya sanduku, na hutoa moshi usiofaa kuvutwa na watu. Katika baraza iliyo wazi, penye watoto na wageni, siichapi. Kwa bustani, kwa ukuta, kwa tangi la maji lililo chini ya mwembe, PETG nyeupe inatosha, na fundi wa kawaida anaiweza.

Jirani yangu alizichukua kulabu zake na kasha lake, na mwaka uliofuata, kiangazi kilipokwisha, nilikwenda kuvitazama mwenyewe. Kulabu zilikuwa zimefunguka kidogo sana, kiasi cha unene wa ukucha, jambo lililonithibitishia kwamba PETG nayo hujinyoosha chini ya mzigo wa daima, ijapokuwa kwa mwendo mwingine kabisa. Nikamshauri ayamwage maji ya mpira kila jioni, naye akafanya hivyo. Kifuniko cha kasha kilikaa sawasawa. Uso wake wa juu ulikuwa umeanza kupoteza weupe wake na kuelekea manjano, nami nikaupaka rangi.

Nawe msomaji, ukiagiza kitu cha kukaa juani, usitosheke na neno la fundi wala na karatasi iliyobandikwa kwenye gurudumu la uzi. Mwombe kipande cha uzi ule ule atakaoutumia, urefu wa kidole. Chukua vikombe viwili vya maji yanayochemka, ambayo kwa mwinuko wetu huchemka karibu na digrii 97, uyachanganye na kikombe kimoja cha maji ya kawaida. Utapata maji ya takriban digrii 70. Tumbukiza kile kipande, uhesabu polepole hadi ishirini, kisha ukipinde kwa koleo. Kikilegea na kukubali umbo lolote unalolitaka, ni PLA, na kitu hicho kiagize kwa ajili ya ndani ya nyumba tu. Kikibaki kigumu na kurudi mahali pake ukikiachia, mlipe fundi, na umwambie akichape cheupe.